Nilivyopanga kipeperushi cha kliniki Malindi

Kliniki moja ya binafsi hapa Malindi iliniomba kipeperushi cha mikunjo miwili: karatasi moja ya A4 iliyolala, kurasa sita. Kabla ya kuwasha kompyuta nilikunja karatasi tupu, nikatia namba kila ukurasa kwa kalamu, kisha nikaikunjua. Kwa upande wa nje, jalada linakaa kulia kabisa, mgongo katikati, na ukurasa unaokunjwa kuingia ndani uko kushoto.

Huo unaoingia ndani lazima uwe mwembamba kuliko wenzake. A4 ina upana wa milimita 297, nami mara ya kwanza niligawa 99 kila mmoja. Nakala ya majaribio ikavimba, kwa kuwa ukingo wa ukurasa wa ndani uligonga mkunjo na kujipinda. Nikapanga upya: nje, kutoka kushoto, 97, 100, 100, ndani 100, 100, 97. Ukigeuza karatasi, kushoto huwa kulia, kwa hiyo vipimo navyo vinageuka. Ukisahau, mkunjo utapita juu ya maneno. Wakati wa kuchapa nilichagua `Flip on short edge`, la sivyo upande wa pili ungetoka kichwa chini.

Mtu akifungua jalada, kulia kwake anakutana na ule ukurasa wa milimita 97. Daktari alitaka historia ya kliniki ikae pale. Nilimsihi tuweke dalili za kuja haraka: mjamzito anayetokwa na damu, mtoto anayeshindwa kunyonya, degedege. Naamini nafasi ile ni ya mgonjwa. Huduma zikaenda ndani, na mgongoni ramani, simu na saa za kazi.

Kwa jalada, Daktari alipendekeza Nguzo ya Vasco da Gama. Nguzo kila mtu anaijua, lakini anayetoka Gongoni na mtoto mwenye homa anatafuta mlango. Tukapiga picha ya mlango na kibao chake. Iliponifikia kwa WhatsApp ilikuwa na pikseli 720 kwa upana, na milimita 100 zikichapwa kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi zinahitaji kama 1,180, bila kuhesabu milimita 3 za kukatwa pembeni. Nikaomba itumwe tena kama faili, ikaja nzima.

Saa za kazi nilikuwa nimeziandika kwa herufi nyeupe za pointi 9 juu ya picha ya bahari. Nilimpa nakala bibi mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaenda nayo dirishani. "Mwanangu, haya ya juu ya maji siyaoni."

Nikaiondoa bahari, nikaweka herufi nyeusi za pointi 11 kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, maana ile ya kung'aa hurudisha mwanga wa dirisha machoni. Nafasi ikapungua. Salamu za mkurugenzi ndizo zilizotolewa, na Daktari akakubali.