Salio la mradi wa mwani: iliyokuwamo benki siyo iliyobaki

Mradi wetu wa wakulima wa mwani Micheweni ulifika mwisho tarehe 30 Juni, na taarifa ya benki ikaonesha shilingi 18,250,000. Mkurugenzi akafurahi. Kodi ya ofisi ya Chake Chake ilikuwa imechelewa, akaniambia, "Mwanangu, si tuazime humo humo, tutarudisha." Nikamwomba anipe siku mbili.

Kwanza nilitaka nijue kilichobaki hasa. Tulipokea 96,000,000 na kwenye leja matumizi yalikuwa 79,600,000, kwa hiyo salio la mradi ni 16,400,000. Mbona benki imezidi? Hundi ya kamba na vigingi, 3,950,000, ilikuwa bado mkononi mwa muuzaji, hajaipeleka benki. Nikiitoa, benki inabaki 14,300,000, na sasa zimepungua 2,100,000. Hizo ni masurufu aliyochukua afisa wa uwandani kwa mafunzo. Zilikwishatoka benki, lakini si matumizi mpaka zirejeshwe kwa risiti. Wahasibu wengi huziandika matumizi siku ile ile zinapotolewa, na ripoti inaharibikia hapo.

Nikamfuata afisa huyo mjini Wete. Alikuwa na karatasi za mahudhurio zenye saini, risiti za nauli na chakula, jumla 1,480,000, na fedha taslimu 620,000 kwenye bahasha. Nikaingiza matumizi kwenye kifungu cha mafunzo, taslimu nikazipeleka benki. Salio likawa 14,920,000, na leja na benki zikakubaliana baada ya kutoa ile hundi.

Kisha nikapanga salio kifungu kwa kifungu, bajeti, matumizi na kilichobaki. Karibu lote lilikuwa la mafunzo na usafiri. Mafunzo ya kufunga mwani hufanyika ufukweni maji yakitoka sana, wakati wa bamvu, na mvua za masika zilitufutia awamu mbili. Mfadhili anahitaji sababu kama hiyo. Ukimwandikia "shughuli zilichelewa" tu, atakuuliza tena.

Nikarudi kwa Mkurugenzi na mkataba. Fedha ni za kazi iliyotajwa, na kisichotumika kinarudi kwa mfadhili, asipokubali vingine kwa maandishi. Kwenye vitabu vyetu salio lile ni deni, si ziada. Kodi ya ofisi haikuwa na kifungu humo, na kuazima kungeonekana kwenye ukaguzi kama fedha iliyohamishwa bila idhini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi andika barua, nitie saini."

Tuliomba miezi mitatu zaidi, bila fedha mpya. Tukakubaliwa kwa vifungu viwili tu, mafunzo na usafiri, mishahara ilikataliwa. Awamu zote mbili zikafanyika bamvu la Agosti na la Septemba, zikagharimu 12,280,000. Zilizobaki, 2,640,000, tukazirudisha kwa mfadhili, na nakala ya uhamisho nikaibana nyuma ya ripoti ya mwisho.