Fedi ya chini imenikaa
Uso wangu ni mrefu na mwembamba. Miaka yote nilinyolewa fedi ya juu, ngozi tupu hadi kwenye panja, na uso ukazidi kurefuka. Jumamosi kinyozi mpya alinigeuza kichwa, akasema, "Kaka, pembeni tubakize nywele."

Akaanzia chini kabisa, upana wa kidole juu ya sikio, akapanda na mashine namba 1, kisha 2. Kisogoni hakuchonga mstari wa boksi, maana nywele zikianza kuota chini ya mstari ule, siku ya nne tu shingo inaonekana chafu. Alififisha taratibu, akifuata zinapoishia zenyewe. Mbele alinyoosha vinywele vilivyotoka nje tu, hakurudisha mstari wa nywele nyuma. Taya limejitokeza, na sura bado ni ya upole. Nimefurahi sana!