Jeli na tumbo kujaa: nilivyolitatua

Kwenye marathoni, tumbo langu lilikuwa likijaa na kunitia kichefuchefu baada ya kilomita ya 25. Chanzo kilikuwa sukari kurundikana: jeli moja, ute mtamu wa kuongeza nguvu unaomezwa mbioni, huwa na gramu 20 hadi 30 hivi za wanga, na nilikuwa naishushia kwa kinywaji cha michezo, chenye sukari yake. Mchanganyiko mzito namna hiyo hukawia tumboni, tena huvuta maji kuingia kwenye utumbo. Ndipo kuhara huanza.

Sasa nameza jeli nikikaribia kituo cha vinywaji njiani, kisha nakunywa mafunda machache ya maji matupu huku nikitembea. Kinywaji kitamu nakiacha hadi kituo kingine. Chumvi hufidia inayopotea kwa jasho na husaidia utumbo kufyonza sukari, lakini haitibu tumbo lililozidiwa sukari.