Shawa zote ziliangukia fezi ya bluu

Hii ilikuwa gesti moja Bagamoyo, vyumba sita, mapokezi na kajiko nyuma, nyumba ya kawaida tu lakini ina umeme wa fezi tatu kwa sababu kila chumba kina shawa ya kupasha maji hapohapo bombani. Mama mwenye gesti alinipigia akasema fundi njoo, hapa kwangu kuna umeme mdogo, wageni wanalalamika maji ya uvuguvugu, friza la mapokezi linanguruma usiku halishiki, pampu ya maji imeshaungua nimenunua nyingine na hii nayo inajizima, halafu siku za wageni wengi breka kubwa inakata nyumba nzima giza. Watu wa umeme alishawaita, wakapima kwenye mita pale getini wakamwambia umeme wako mzima mama, na kweli ulikuwa mzima, ila hapo kwenye mita na mchana.

Nilifika saa nane mchana nikafungua bodi ya breka, na niseme ukweli bodi ilikuwa safi, aliyeifunga alijua kazi. Bodi ya fezi tatu yenye safu nane, kila safu ina breka tatu, ya kwanza nyekundu, ya pili njano, ya tatu bluu, zimejaa karibu zote na ukihesabu kila fezi imebeba idadi sawa ya breka. Nikashika klampu mita, waya mmojammoja unaoingia breka kubwa: nyekundu ampea 6, njano 9, bluu 8. Volti nazo 227, 226, 226. Ukiishia hapo unafunga bodi unaondoka unasema hamna tatizo, na nadhani ndo wengi waliotangulia walifanya hivyo, sababu hakuna cha kuona.

Lakini mama alikuwa ameniambia jambo moja la maana sana, kwamba shida inaanza magharibi wageni wanapoanza kuoga wakitoka kuzunguka mjini. Sasa kama shida ni ya saa moja usiku, vipimo vya saa nane mchana vinakusaidia nini? Nikamwomba nibaki, yeye akanipikia chai, mimi na kijana ninayefanya naye kazi tukasubiri.

Ilipofika kama saa moja na nusu hivi wageni wanne walikuwa wanaoga kwa pamoja. Nikapima tena palepale, nyekundu ampea 11, njano 17, bluu 62. Waya wa nyutro nikaupitishia klampu peke yake, ampea 48. Volti nikazipima kati ya kila fezi na nyutro: nyekundu 233, njano 230, bluu 201. Hapo kijana akashangaa, akaniuliza bro, mbona nyekundu imepanda kuliko mchana?

Hilo swali ndo lilikuwa na jibu lote ndani yake. Fezi tatu zikibeba mzigo sawa, mikondo inayorudi kwenye nyutro inafutana, nyutro inakaa karibu haina kitu. Mzigo ukiegemea upande mmoja, ile ziada haina wa kuifuta, inarudi kupitia nyutro, ndo zile 48. Na pale kebo ni ndefu, kutoka mita ya getini mpaka jengo la nyuma ni kama mita 110, kebo ya shaba ya milimita 10 yenye viini vinne imefukiwa chini, na kiini kimoja cha urefu ule kikishapata joto kina ukinzani wa kama omu 0.24. Piga hesabu: ampea 62 mara 0.24 unapoteza volti 15 kwenye waya wa bluu wenyewe, halafu 48 mara 0.24 unapoteza nyingine 11 na kitu kwenye nyutro wakati wa kurudi. Jumla kama 26. Yaani bluu inaumia mara mbili, inaenda inapoteza, inarudi inapoteza. Na kwa kuwa nyutro ya jengo imevutwa kuelekea bluu, imekuwa mbali zaidi na fezi nyingine mbili, ndo maana nyekundu ikaonyesha volti nyingi kuliko mchana japo mzigo wake umeongezeka.

Nilimtuma kijana getini na mita nyingine, tukawa tunaongea kwa simu, akasoma pale nyekundu 229, njano 229, bluu 227. Kwa hiyo umeme unaoingia uko vizuri saa ileile ambayo huku nyuma bluu iko 201. Tofauti ya 26 imeliwa njiani, na hesabu ya kebo imekubaliana na mita.

Kuna jambo moja nilitaka kulitoa kwenye njia kabla ya kusema lolote kwa mama, nalo ni nyutro iliyolegea, sababu dalili zake zinaanza zikifanana na hizi, fezi moja chini nyingine juu. Ila nyutro ikilegea kwelikweli zile fezi zenye mzigo mdogo hazipandi volti nne tu, zinaweza kufika 260 au 280 na zaidi, taa zinawaka kupita kiasi, tivii zinaungua, na vipimo vinarukaruka. Hapa nikasimama kwenye bodi huku wageni wanamaliza kuoga mmojammoja, na kila shawa ikizimwa bluu inapanda kama volti 6 hivi, taratibu, kila mara kiasi kilekile. Kiunganisho kibovu hakikupi mpangilio wa namna hiyo. Baadaye tulipozima nilikagua skurubu za nyutro ncha zote mbili, hamna iliyolegea wala yenye alama ya joto. Na naomba mnaofanya kazi hizi, msifungue nyutro kuu ya fezi tatu wakati mzigo unafanya kazi hata kwa sekunde moja, utaunguza vitu vya watu wote waliomo ndani.

Sasa kwa nini bluu, wakati breka zimegawanywa sawa? Nikarudi kwenye bodi nikasoma lebo. Safu ya kwanza ni chumba namba moja: taa, soketi, shawa. Safu ya pili chumba namba mbili: taa, soketi, shawa. Hivyohivyo mpaka chumba cha sita. Kila chumba kilipewa safu yake nzima kwa mpangilio uleule, na kwa kuwa breka ya kwanza ya kila safu iko nyekundu na ya tatu iko bluu, taa zote na feni zikaangukia nyekundu, soketi zote njano, na shawa zote sita, kila moja wati 3,500, zikaangukia bluu. Juu ya hapo pampu na friza vilikuwa kwenye safu za mwisho, navyo bluu. Kwa macho ni bodi nadhifu na ukitafuta breka ya chumba unaipata haraka, ila aliyepanga aligawa idadi ya breka, hakugawa ampea za saa moja usiku.

Malalamiko yote ya mama yakajieleza. Shawa ya wati 3,500 kwenye volti 230, ukiipa 201 inatoa kama 2,700 tu, kwa sababu nguvu inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo maji lazima yawe vuguvugu. Pampu na friza ni mota, volti zikishuka nguvu ya kuanza inapungua sana, mota inakwama inanguruma na kuvuta mkondo mkubwa mpaka kinga ya joto iikate, na siku kinga ikishindwa inaungua. Na breka kubwa ilikuwa ya ampea 63, ile usiku tulikuwa 62 kwa shawa nne, akioga mgeni wa tano bluu inapita 70 na nyumba yote inazimwa wakati nyekundu haijafika hata 15. Mama alikuwa ameshauriwa anunue stabilaiza kubwa ya jengo zima. Nilimsihi asinunue, stabilaiza ya jengo ingekaa mwisho wa kebo ileile, ili ipandishe volti za ndani ingevuta ampea nyingi zaidi kupitia bluu, na bluu ingezidi kuzama.

Kesho yake asubuhi vyumba vikiwa vitupu tulizima getini, tukaweka kufuli, tukahakikisha kwa mita kwamba hamna umeme, tukaanza kuhamisha. Chumba 1 na 4 shawa tukaziacha bluu, chumba 2 na 5 tukazipeleka nyekundu, chumba 3 na 6 njano. Kilichokuwa kimekaa kwenye nafasi hiyo kikaenda bluu. Pampu ikaenda nyekundu. Muhimu hapa ni kuhamisha waya pamoja na breka yake, maana breka ya shawa ni kubwa na ya taa ni ndogo, ukihamisha waya peke yake unaweza kujikuta waya mwembamba wa taa unalindwa na breka ya shawa, na huo ni moto unaosubiri siku yake. Tulihakikisha pia kwamba hakuna chumba ambacho taa imeazima nyutro ya soketi. Lebo zote tukaandika upya, maana mpangilio haukuwa tena wa kukariri.

Jioni nikarudi saa ileile. Wageni hawakuwa walewale ila shawa nne zilikuwa zinafanya kazi, mbili kati yake za bluu. Nyekundu 28, njano 28, bluu 35, nyutro 7. Volti 222, 222, 218. Ampea zote kwa jumla ni karibu zilezile za jana, 90 jana na 91 leo, hatukupunguza chochote, lakini mama alisikia friza likiwaka lenyewe pale mapokezi akaja mbio kwenye bodi akaniuliza mwanangu umefanya nini? Nikampa klampu aione mwenyewe, waya kwa waya.

Haikuwa sawasawa kabisa na haiwezi kuwa, huwezi kumpangia mgeni aoge saa ngapi. Ila sasa hata zikiwaka shawa zote sita kila fezi inapata mbili, inafika kama ampea 40, breka ya 63 ina nafasi. Kinachobaki ni upotevu wa kebo yenyewe, kugawa mzigo hakufupishi mita 110, volti 7 mpaka 10 zitaendelea kuliwa njiani. Mama aliniambia anataka kuongeza vyumba vitatu, nikamjibu shawa zake ziende moja nyekundu, moja njano, moja bluu, ila kabla ya kuanza ujenzi abadilishe kebo iwe ya milimita 25, na fundi atakayeifunga aje apime usiku.