Kanga mwenye pindo la korosho: nilivyochora bango la bati Mikindani

Bango la kwanza nililomchorea mama mmoja muuza vitenge na kanga pale Mikindani, kando ya barabara iendayo Lindi, halikumaliza hata mwaka. Nililipaka mwezi wa Novemba kabla ya mvua, likapendeza kila aliyepita, na ilipofika Juni rangi ilikuwa inabanduka kwa maganda makubwa kama ngozi ya nyoka. Bawa zima la ndege niliyemchora lilining'inia likipeperushwa na upepo wa kusi. Mwenye duka hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ndege wangu anaota manyoya mapya au anakufa?" Nilimwomba radhi, nikalishusha bango, nikaahidi kulirudia kwa gharama yangu.

Mtindo tulioutaka ni ule ambao Watanzania tunauita tingatinga, kwa jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, majirani zetu wa upande wa magharibi, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Mnyama mmoja hukaa katikati, rangi yake ni bapa isiyo na kivuli, mstari mnene humzunguka, na madoa hujaza mwili. Tingatinga alichora juu ya mbao laini za dari kwa rangi ya mafuta yenye mng'aro, ile ile inayopakwa milango na baiskeli. Rangi hiyo niliitumia bila kubadili chochote, lakini ubao wa dari sikuweza kuutumia, kwa sababu bango la nje hunyeshewa, na ubao wa namna hiyo hunywa maji kupitia kingo zake na kuvimba. Ndiyo maana nilichagua bati bapa, na kosa langu lilianzia hapo.

Nilipeleka ganda moja la rangi iliyobanduka kwa mzee mmoja aliyewahi kuandika majina ya mabasi kwa miaka mingi. Baada ya kumwamkia nilimpa lile ganda, naye hakuuangalia upande wenye picha, bali aliligeuza akapitisha kidole mgongoni mwake. "Papasa," akaniambia. Mgongo ule ulikuwa safi na wenye utelezi kidogo, na kwenye bango lenyewe bati lilikuwa linang'aa kama siku nililolinunua. Mzee akanieleza kwamba bati jipya limevikwa zinki, na mafuta yaliyomo ndani ya rangi hii yakikutana na zinki, hasa penye unyevu, hugeuka polepole kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Tabaka hilo jembamba hukaa kati ya bati na rangi, likazidi kuongezeka kadiri miezi inavyopita, mpaka rangi yote ikakosa pa kushika. Mimi nilikuwa nimepaka kwanza praima nyekundu ya chuma nikidhani nimejikinga, kumbe praima ile nayo ni ya mafuta, kwa hiyo nililipatia zinki chakula kile kile.

Mgongo wa ganda, basi, ndio unaosema ukweli. Kama bati lingekuwa na mafuta ya kiwandani ambayo hayakuoshwa, rangi ingejikusanya na kuacha matundu siku ile ile ya kupaka. Kama kutu ingekuwa ndiyo chanzo, mgongo wa ganda ungekuwa na unga wa rangi ya kahawia. Ganda safi, lenye utelezi, linalobanduka zima zima miezi kadhaa baadaye, ni kazi ya zinki. Wapo mafundi wanaosugua bati kwa siki kabla ya kupaka, nami siwabezi, ila siki huondoa mng'aro wa juu tu, wakati zinki inabaki pale pale chini yake. Kinachotakiwa ni tabaka la kuyatenga mafuta na zinki.

Mwezi wa Julai nikaanza upya. Nilikata bati la sentimita 120 kwa 90, nikalipigilia kwenye fremu ya mbao, nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikalisugua kwa msasa laini mpaka likafifia, kisha nikaliosha tena na kulianika. Baada ya hapo nikapaka praima ya maji ambayo kopo lake limeandikwa wazi kuwa ni ya mabati yenye zinki, mikono miwili myembamba. Ilipokauka kwa siku mbili nilikwaruza alama ya msalaba kwa wembe kwenye kona, nikabandika selotepu pana, nikaikandamiza kwa kucha na kuivuta kwa nguvu. Selotepu ilitoka tupu. Kwenye mabaki ya bango la kwanza jaribio hilo hilo liling'oa rangi yote.

Kabla ya rangi kulikuwa na kupima, na hapa nilijifunza kutoka kwenye bidhaa ya duka lenyewe. Kanga ya kuvaa ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Nikaamua bango liwe kanga kamili, na ndani ya mji akae ndege kanga, ambaye madoadoa yake yanafanana sana na ya nguo hiyo. Pindo nililipa upana wa sentimita 10, kwa sababu 120 na 90 zote zinagawanyika kwa 10 bila kubaki. Upande mrefu ukapata vyumba 12, upande mfupi 9. Kwenye bango la kwanza sikupima, nikaanzia kushoto na kuendelea tu, mpaka kwenye kona ya mwisho nikalazimika kubana maua mawili mahali pa moja, na jicho la mtu lilikwenda pale kabla halijamwona ndege.

Kila kona niliiwekea duara la buluu, kwa sababu umbo lenye kichwa na mkia haligeuki vizuri penye pembe. Vyumba 34 vilivyobaki nikavijaza korosho, umbo linalopendwa kwenye pindo za kanga na ambalo kwetu Mtwara halihitaji kuelezwa. Kiolezo nilikikata kutoka kwenye filamu ya zamani ya eksirei, ambayo hailowi wala haipindi, na faida yake kubwa ni kwamba ukiigeuza upande wa pili, korosho nayo inageuka, kwa hiyo za kushoto na za kulia zikatazamana. Rangi nilizipishanisha nyekundu na kijani kuzunguka bango lote, zikafika zilikoanzia bila mbili zinazofanana kukutana.

Nilitaka mji uwe wa manjano ya kiini cha yai. Manjano haifuniki vizuri, na ukiipaka juu ya praima ya kijivu inakuwa kama maji ya matope, kwa hiyo chini yake nilitanguliza nyeupe. Kilichonitia wasiwasi hapa ni kukauka. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, na hewa huanza na ngozi ya juu, hivyo juu panaweza kuwa pakavu na chini bado pabichi. Ukipaka mkono wa pili mapema, au ukipaka mzito, tapentaini iliyomo huilainisha ile ngozi, nayo inajikunja kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Nilikandamiza dole gumba kwenye ukingo na kulizungusha kidogo. Ngozi ikisogea hata kidogo, naacha. Kopo liliandika saa 16, lakini kwa unyevu wa bahari yetu nilisubiri usiku mbili kila mara. Vilevile sikupaka baada ya saa tisa alasiri, kwa kuwa umande wa usiku ukiikuta rangi bado mbichi, mng'aro hufa na kubaki ukungu mweupe.

Ndege mwenyewe nilimjaza rangi bila kujali kingo: mwili wa buluu iliyoelekea weusi, kichwa cha buluu ya mbingu, ndevu nyekundu za shavuni, pembe ya utosini rangi ya mfupa. Mafundi wachanga hupoteza muda mwingi kunyoosha kingo hizi, na hawana haja nayo, kwa sababu mstari mweusi utapita juu ya maungio na kuyafunika yote. Ila mstari wenyewe hausamehe. Niliuchora kwanza kwa chaki katika unene wa sentimita nusu, nikavuka barabara kuutazama, ukawa umepotea. Nikaufanya sentimita 1 na robo, na ndege akasimama. Kwa mkono nilitumia brashi nyembamba yenye nywele ndefu, rangi nyeusi ikiwa na matone machache tu ya tapentaini, na kiganja nikakiegemeza juu ya fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, ili kisiguse manjano. Mstari niliuvuta kwa bega, pumzi moja kutoka shingoni hadi mkiani, kwani anayevuta kwa vidole mstari wake hutetemeka kila sentimita tano.

Madoa niliyaacha ya mwisho, baada ya kulilaza bango chini ili rangi isitiririke. Sikutumia brashi. Nilichukua vichwa vya misumari vya ukubwa wa namna tatu, nikavichovya kwenye nyeupe nzito na kugusa mara moja tu, kubwa kifuani, za kati ubavuni, ndogo kuelekea shingoni. Tone linajitandaza lenyewe na kuwa duara safi, ila ukiligusa mara ya pili duara limeharibika, na dawa ni kulifuta papo hapo kwa kitambaa chenye tapentaini.

Likabaki jina. Mwenye duka alichagua "Mgeni njoo mwenyeji apone". Pamoja na nafasi kati ya maneno ni sehemu 25, na mji una upana wa sentimita 100, kwa hiyo kila herufi ilipata sentimita 4, nikazipa urefu wa 7 juu ya utepe mweupe. Aliposoma akaniuliza kama herufi zingeweza kuwa kubwa zaidi, nikamwonyesha hesabu, akakubali.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokuwa zimekwisha, nilikwenda na wembe na selotepu yangu. Katikati, kwenye pindo na kwenye mwili wa ndege, selotepu ilitoka tupu kila mahali. Nilichokikuta ni vijidoa vya kutu kuzunguka misumari sita ya fremu, kwa sababu praima ile ni ya mabati yenye zinki na vichwa vya misumari ni chuma kitupu, na praima ya maji ikikauka juu ya chuma kitupu huanzisha kutu. Nilivikwangua, nikapaka kila kichwa praima nyekundu ya chuma peke yake, kisha rangi ya korosho iliyokuwa juu yake. Bango ninaloliandaa sasa kwa muuza samaki wa jirani nimelifunga kwa skrubu zilizovikwa zinki.