Dakika Saba za Tauni

Sentensi ya kwanza kukatwa katika andiko letu ilikuwa ile ya maiti za Kaffa. Mwenzangu aliipigia mstari mwekundu, akasema, "Hii tuitoe, kaka." Mimi nilikuwa nimeipenda sana. Ilieleza kwamba mwaka 1346 jeshi la Wamongolia la Jani Beg lilikuwa limeuzingira mji wa Kaffa, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Askari wake walipoanza kufa kwa tauni, waliwarushia Wajenoa, wafanyabiashara wa Genoa ya Italia waliokuwa ndani ya mji, maiti za wenzao kwa mitambo ya kurushia mawe, na ugonjwa ukaingia Ulaya kwa njia hiyo. Niliamini hakuna mwanachuo angesinzia baada ya mwanzo kama huo.

Tulikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wa Historia alikuwa ametupanga wawili wawili, kila jozi na mada yake. Yetu ilikuwa tauni ya karne ya 14: ilivyoenea na ilivyoibadili jamii. Wasilisho lilikuwa la dakika saba, kwa Kiswahili, na andiko lake tulitakiwa kulikabidhi mapema likiwa limeandikwa neno kwa neno. Hakutaka vidokezo. Alisema mwalimu akiandika vidokezo huwa anajificha nyuma yake, lakini akiandika sentensi nzima ataonekana kama anajua sababu ya jambo au anajua jina lake tu.

Mwenzangu alikuwa mzaliwa wa Lushoto. Wilaya hiyo ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na yeye alikua akiwasikia watu wazima wakiizungumzia kama watu wa bondeni wanavyozungumzia mafuriko. Alijua kwamba panya akikutwa amekufa sakafuni haguswi kwa mkono. Alijua mitoki hutokea wapi: kinenani, kwapani, shingoni. Kwa hiyo nilipomsomea habari ya maiti zinazoruka juu ya kuta, hakutikisika hata kidogo.

"Watu wa kwetu hawakurushiwa maiti na mtu yeyote," alisema. "Na tauni ilifika."

Tukarudi kwenye vitabu. Habari ile imetoka kwa Gabriele de' Mussi, karani wa sheria wa Piacenza huko Italia, na wanaomchunguza wanaona hakuwako Kaffa, aliandika aliyoyasikia. Huenda maiti zilirushwa kweli. Lakini hata kama zilirushwa, hazihitajiki ili kueleza ugonjwa ulivyotoka pale. Panya hasubiri amri ya jemadari ili apite chini ya ukuta, na merikebu za Wajenoa zilizobeba ngano kutoka Bahari Nyeusi zilikuwa na kila kitu anachokitaka panya. Tukaiondoa sentensi yangu, na mahali pake mwenzangu akaandika hii: "Tauni ni ugonjwa wa panya kwanza, sisi hutufikia panya wanapokwisha."

Naiona bado kuwa ndiyo sentensi bora ya andiko lile, kwa sababu yote mengine yalining'inia juu yake. Kiroboto anyonyaye damu ya panya mgonjwa humeza bakteria wa tauni, nao wanaweza kuzaliana mpaka wakaziba njia ya chakula. Kiroboto huyo hashibi tena. Huuma, damu inagonga kwenye kizibo, hutapika sehemu yake kwenye jeraha pamoja na bakteria, kisha huuma tena kwa njaa. Panya wa nyumba nzima wakifa, viroboto hutafuta mwili mwingine wenye joto. Ndiyo maana panya waliokufa huwa onyo kabla ya mtu wa kwanza kuugua. Baada ya kuumwa, mtu hukaa siku chache tu kabla ya homa na mitoki. Na bakteria wakifika mapafuni, ugonjwa huacha kumhitaji kiroboto: hupita kwa kikohozi.

Hapo tulibishana kidogo. Mwenzangu alitaka tuishie kwa panya. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba kasi ya tauni ile inawasumbua wataalamu: ilifika Messina, Sisilia, Oktoba 1347, kufikia Januari 1348 ilikuwa imeshaingia Marseille, kiangazi cha mwaka huohuo ikatia nanga Melcombe Regis, kusini mwa Uingereza, na mwaka 1349 ilikuwa Bergen, Norwei. Merikebu zinaeleza kuruka kutoka bandari hadi bandari. Haziwezi kueleza vizuri kutambaa kwake kijiji hadi kijiji barani, na ndiyo sababu baadhi ya watafiti wanawashuku pia viroboto wa binadamu na chawa wa nguo. Tuliweka sentensi moja kusema mjadala huo haujaisha. Tulijua ingetugharimu muda, lakini kuliaminisha darasa kwamba kila hatua imethibitishwa kungekuwa uongo.

Nusu ya kwanza, basi, ilikuwa tayari. Alipoisoma kwa sauti, mimi nikiangalia saa ya simu, ilikula dakika tano. Zilibaki mbili za jamii nzima ya Ulaya.

Wengi huishia hapo kwa kuandika "watu wengi walikufa, mishahara ikapanda, ukabaila ukaanguka." Nilikuwa nimeandika karibu hivyohivyo, na mkufunzi, alipopita mezani kwetu maktaba, aliweka kidole juu ya neno "ikapanda" akauliza, "Umejuaje?" Akaondoka.

Swali hilo lilitushikilia jioni nzima, na jibu tulilipata mahali ambapo sikutazamia: kwenye sheria. Juni 1349, tauni ikiwa bado inazika watu, mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alitoa amri kwamba kila mtu mwenye nguvu aliye chini ya miaka 60, asiye na ardhi wala biashara ya kumtosha, amtumikie yeyote atakayemhitaji, kwa ujira uleule uliolipwa kabla ya ugonjwa. Anayekataa, jela. Mwaka 1351 Bunge likaongeza makali na kutaja viwango: mvunaji wa nafaka alipwe peni 2 kwa siku wiki ya kwanza ya Agosti, peni 3 wiki ya pili, bila chakula juu yake. Nilisoma viwango hivyo nikaona ni sheria tu. Mwenzangu aliviona tofauti. "Kaka, hakuna anayepiga marufuku jambo ambalo watu hawalifanyi," alisema. Kama vibarua wangekuwa wanachukua peni 2 kwa utulivu, Bunge lisingekuwa na sababu ya kuziandika.

Kuanzia hapo tuliacha kuisoma sheria kama maelezo ya maisha yalivyokuwa, tukaanza kuisoma kama malalamiko ya mwenye shamba. Kila kifungu kilimfichua kibarua fulani. Kifungu kinachokataza kuondoka kijijini wakati wa mavuno kilituonyesha watu wanaohamia kwenye malipo makubwa. Mwaka 1352, katika jimbo la Essex peke yake, maelfu walitozwa faini kwa kupokea zaidi ya kiwango. Maana yake walikuwako mabwana waliowalipa zaidi ya kiwango, wakishindana wao kwa wao kwa mikono iliyobaki. Na mwaka 1363 ikatoka sheria ya mavazi, iliyomwamuru mkulima wa jembe na mchunga ng'ombe kuvaa kitambaa kizito cha bei ya chini tu. Nilifurahi sana nilipoiona hiyo. Mtu aliyelala njaa hakatazwi kuvaa vizuri.

Tulilipangua andiko lote. Safari ya ugonjwa tuliipunguza: miji mingi ikatoka, tukabakiza Kaffa, Messina na Melcombe. Ilituuma kuiacha Siena, ambako Agnolo di Tura aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe, mpaka mwenzangu akakataa katakata. Akasema theluthi moja mpaka nusu ya watu ni idadi isiyoingia moyoni, ila baba huyo anaingia. Akabaki. Sheria ya 1351 ikapewa dakika mbili kamili, na mvunaji wa peni 2 akawa mtu wetu wa kumfuata.

Dakika ya mwisho tuliipeleka Misri. Darasa letu lilimjua Ibn Battuta kwa sababu ya Kilwa, alikofika mwaka 1331. Wachache walijua kwamba mwaka 1348 alikuwa Damasko, akaona Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakitoka pamoja kuomba, wengi miguu mitupu, kila watu na kitabu chao. Kutoka Sham aliendelea hadi Kairo, nako tauni ilikuwa imeua watu wengi mno. Lakini mkulima wa Misri hakupata alichopata mvunaji wa Essex. Shamba la Mto Nili linaishi kwa matuta na mifereji, na mifereji husafishwa na umati wa watu kila mwaka. Watu walipokwisha, matope yaliziba, maji yakaacha kufika, na maamiri wa Kimamluki, watawala wa kijeshi wa Misri wa wakati ule, walioishi mjini kwa mapato ya vijiji wakawakamua waliosalia. Ugonjwa ni uleule, uhaba wa mikono ni uleule, ila upande mmoja kibarua alipata nguvu ya kudai na upande mwingine ardhi yenyewe iliharibika.

Siku ya kuwasilisha, mwenzangu alisoma habari ya panya na viroboto, nami nikasoma ya sheria. Nilipotaja "peni 2", nilinyamaza kidogo kama tulivyokubaliana, kisha nikauliza darasa kwa nini Bunge zima lihangaike na peni 2. Kijana wa nyuma akajibu kabla sijaendelea: "Kwa sababu walikuwa wanadai tatu!" Hilo halikuwamo kwenye andiko, na lilituokolea sentensi mbili.

Mkufunzi ndiye aliyeuliza la mwisho. Je, basi tauni ndiyo iliyowakomboa watwana wa Uingereza, wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana? Mwenzangu alinitazama, nikajibu. Nilisema hapana, si yenyewe peke yake. Mwaka 1381 watwana na vibarua waliinuka kupinga kodi ya kichwa ya shilingi moja, yaani peni 12, siku sita za mvunaji kwa kiwango cha sheria. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwaandikia hati za uhuru pale Mile End, nje ya London. Kesho yake kiongozi wao, Wat Tyler, akauawa Smithfield, na kabla ya mwezi wa saba kwisha hati zile zikafutwa. Utwana ulikwisha polepole, kijiji kwa kijiji, bila hati yoyote: bwana asiyepata wa kumlimia aliona afadhali akodishe ardhi kwa fedha, na mtwana aliyekataliwa masharti mazuri hapa alikuwa akijua kijiji cha pili watampokea bila kumuuliza ametoka wapi.

"Hilo la kijiji cha pili," mkufunzi alisema, "lirudishe kwenye sheria yako ya 1351." Mwenzangu akafungua ukurasa wa kifungu cha kutoondoka kijijini, akakisoma tena kwa sauti.