Kivuli cha kijani ambacho hakina kijani

Chukua simu mbili zenye tochi na karatasi nyekundu ya nailoni inayopitisha mwanga. Zima taa zote, funga pazia. Weka simu mita 1 kutoka ukuta mweupe, zikiachana sentimita 30, na ufunike tochi ya kushoto kwa nailoni. Simamisha penseli sentimita 10 kutoka ukutani. Vivuli viwili vitatokea: cha kushoto chekundu, cha kulia kijani-buluu.

Cha kulia kinamulikwa na tochi nyeupe peke yake. Kijani kile hakipo ukutani. Seli za jicho huwianisha ishara za rangi kwa jozi pinzani: nyekundu dhidi ya kijani, buluu dhidi ya njano. Ukuta ukijaa wekundu, upande wa nyekundu hupunguza nguvu zake, na eneo lisilo na wekundu husomwa kuelekea upande wa pili. Ni sababu hiyo hiyo inayokuonyesha doa la kijani-buluu ukikazia macho kitu chekundu sekunde 30 kisha ukatazama ukuta mweupe.

Rangi ikififia, kwa kawaida tochi nyeupe inazidi nguvu. Irudishe nyuma kidogo kidogo mpaka vivuli vikaribiane kwa giza.

Kuhakiki, zima nyekundu, pumzisha macho, kisha tazama mahali kilipokuwa kivuli cha kulia pekee kupitia bomba la karatasi nyeusi. Mwenzako akiwasha nyekundu, hutaona badiliko lolote. Ondoa bomba, kijani kinarudi. Picha ya simu usiitegemee, maana kamera nayo hurekebisha rangi.